“Niko tayari popote, wakati wowote” si jibu la usaili

Sijui nani aliyeanzisha ushauri huu, lakini naomba anayeendelea kuusambaza aache. Wasailiwa wanafundishwa kwamba wakiulizwa kuhusu kuhamia mkoani, zamu za usiku au safari za mara kwa mara, waseme tu, “Niko tayari kufanya kazi popote, wakati wowote,” halafu mengine yatajulikana mbele ya safari. Nakaa kwenye majopo ya usaili ya viwanda na maghala, na jibu hili nimelisikia mpaka naweza kulimalizia kabla mtu hajafungua kinywa. Kwenye karatasi yangu ya alama naliandikia “hajajibu”.

Jopo halikuulizi hivyo kupima unyenyekevu wako. Linauliza kwa sababu nafasi hiyo huenda imeshaachwa na mtu aliyesema ndiyo hivyo hivyo, akaripoti, akakaa miezi miwili, kisha akaanza kuomba uhamisho au akatoweka. Kiwanda kimebaki na pengo kwenye zamu, msimamizi amefanya kazi za watu wawili, na sasa wewe umekaa mbele yake. Anachotaka kusikia ni kama umeshaiwazia hiyo kazi mpaka ukaona nani atabaki na watoto, utaripoti lini na jambo gani litakukwamisha. Ndiyo isiyo na tarehe wala mahali haimpi hata kimoja kati ya hivyo.

Chukua kisa hiki. Mambo machache nimeyabadilisha ili mhusika asitambulike. Dada mmoja anaishi Mbagala, Dar es Salaam, na ameitwa usaili mwezi wa Machi kwa nafasi ya mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya samaki Mwanza. Kazi ni ya zamu, usiku ukiwemo. Ana ajira ya mshahara wa mwezi, na mwanawe yuko darasa la saba. Nyumbani wamemshauri aseme “popote, wakati wowote” na asimtaje mtoto kabisa.

Alijibu hivi, kwa kadiri ninavyokumbuka: “Ndiyo, nitahamia Mwanza. Nilipo sasa natakiwa kutoa notisi ya siku 28, kwa hiyo nikisaini mwisho wa Machi naweza kuripoti mwanzoni mwa Mei. Nimeshapanga na mama yangu, kijana atabaki kwake mpaka mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba, kisha atanifuata. Wiki hiyo ya mtihani ningeomba siku tatu, hata bila malipo, na nitazifidia kwa kubadilishana zamu na mwenzangu.”

Anza na tarehe. Notisi ya siku 28 ndiyo ya chini kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wake wa kwanza kazini. Mwajiri anaijua. Msailiwa anayesema “naweza kuanza hata kesho” huku ana ajira, ameshaniambia atakavyoniaga na mimi siku moja. Huyu alihesabu siku zake na akajiachia nafasi ya kufunga mizigo.

Zile siku tatu ndizo watu huziogopa, na ndizo zilizompa uzito. Angeripoti Mei, na Septemba ingemkuta hajatimiza miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi haki ya likizo yenye malipo mfanyakazi ambaye hajafika miezi sita. Maana yake, ruhusa ile Septemba ingekuwa hisani ya msimamizi, na hisani huombwa mapema. Angenyamaza Machi akaja kuiomba Septemba, ingeonekana ndiyo visingizio vimeanza. Alipoisema kwenye usaili, iliingia kwenye mazungumzo ya ajira.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaofundisha usaili. Wao husema usiweke sharti lolote. Mimi nasema angalia nani anabaki na kazi ya kulitatua. Ukisema, “Nitahamia, ila nina mtoto wa shule,” umeliwekea jopo tatizo lako mezani. Sasa wao ndio wafikirie atasoma wapi, na hawatafikiria, watamwita anayefuata. Ukisema, “Nitahamia, na mtoto atabaki kwa bibi yake mpaka Septemba,” jambo ni lile lile na mipaka ni ile ile, ila wewe ndiye uliyelishughulikia. Watu wanadhani kuonekana mgumu kunatokana na kuwa na kikomo. Kila mtu mzima ana kikomo, na jopo linalijua hilo. Ugumu unaonekana pale unapoleta kikomo bila mpango, au unapoleta vinne kwa mpigo. Chagua kimoja kilicho cha kweli, kiseme kwa sentensi moja, nyamaza.

Kwenye jambo la kumtaja mtoto, nakiri bado sina uhakika. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa na majukumu ya familia, na mwombaji wa kazi analindwa sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Lakini nimekaa na wajumbe ambao wakisikia neno mtoto kutoka kwa mwanamke wanaweka kalamu chini, na baba mwenye watoto wanne hawamuulizi kitu. Kwa hiyo wakati mwingine namshauri mtu aseme tu, “Nina jukumu la kifamilia linaloisha Septemba, na limeshapangwa.” Inatosha, na hakuna uongo. Nikiona jopo lina watu waungwana namwambia aseme lote. Kutoka nje ya chumba huwezi kujua ni jopo la namna gani, na hilo linanisumbua.

Akikuuliza mtu “mumeo anasemaje?”, swali hilo halimhusu, lakini kumkaripia hakukusaidii kupata kazi. Rudi kwenye mpango: “Nyumbani tumeshakubaliana, ndiyo maana nimekuja na tarehe ya kuripoti.”

Kuna kitu kingine cha kuhamia ambacho karibu hakuna msailiwa anayekiuliza, nacho kina fedha ndani yake. Taarifa za maandishi za ajira zinatakiwa kuonyesha mahali ulipoajiriwa pamoja na kituo cha kazi. Mkataba ukikatishwa mbali na ulikoajiriwa, mwajiri anatakiwa akurudishe wewe na mizigo yako, au alipe nauli na gharama hizo, na akupe pesa ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Sasa yule wa “popote, wakati wowote” anapanda basi kwa nauli yake, anasaini Mwanza, na karatasi inaandikwa ameajiriwa Mwanza. Siku ya kuondoka, makabati na vitanda ni juu yake. Ukishasema ndiyo, uliza kwa adabu: “Mkataba utaonyesha nimeajiriwa Dar es Salaam?” Sijawahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa swali hilo. Nimeona wengi wakilia kwa kutoliuliza.

Zamu za usiku. Kisheria usiku ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na nyongeza ya chini ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Wengi wanakubali usiku wakidhani una pesa nyingi, kwa hiyo tuhesabu. Mshahara wa msingi wa 900,000 kwa saa 45 za wiki: unagawa kwa 4.333, yaani wiki za mwezi mmoja, kisha kwa 45, unapata kama 4,616 kwa saa. Asilimia 5 yake ni kama shilingi 231. Zamu ya saa tisa za kazi inakupa kama 2,080, na usiku 15 kwa mwezi haufiki 32,000. Wapo waajiri wanaolipa zaidi, lakini hicho ndicho cha chini. Mtu aliyekubali kwa ajili ya pesa ataanza kunung’unika mshahara wa kwanza ukiingia, nasi tunamwona.

Kinachowaondoa watu hasa, kwa niliyoyaona, ni zamu ya jioni inayoisha saa sita usiku, kuliko ile ya kukesha. Anayekesha anatoka alfajiri, daladala zipo. Anayetoka saa sita anategemea bodaboda, na kwa dada anayekaa mbali hiyo ni hatari kila siku ya kazi. Kwa hiyo jibu zuri la usiku lina ndiyo na swali moja: “Nitafanya zamu za usiku. Ningependa kujua zinabadilishana kila baada ya muda gani, na anayetoka usiku wa manane anafikaje nyumbani.” Hapo umeonyesha unaijua kazi ya zamu. Kama umewahi kukesha, sema wapi na ulivyolala mchana. Kama hujawahi, usidai mwili wako haulali. Sema hujawahi, na kwamba umepanga chumba karibu na kiwanda. Na kama una cheti cha daktari kwamba hufai kazi ya usiku, usikifiche. Mwajiri haruhusiwi kukupangia usiku, na atakuja kukijua tu.

Safari nitazipitia haraka. Tangazo likisema asilimia 40 ya muda ni safari, hiyo ni kama siku tisa za kazi kwa mwezi, lakini namba hiyo haisemi unalala nje usiku mingapi mfululizo, wala kama unaondoka Jumapili ili Jumatatu uwe wilayani. Jibu kwa kipimo hicho: “Siku tisa kwa mwezi naziweza. Nikijua ratiba wiki moja kabla, sina tatizo hata na wiki nzima nje.” Kisha uliza kama masurufu yanatolewa kabla ya safari au unatanguliza zako na kurudishiwa baada ya marejesho. Anayetanguliza zake kwa mshahara mdogo hamalizi robo mwaka kabla hajaanza kukwepa safari, hata angekuwa na moyo gani siku ya usaili.

Sitawaficha kwamba yapo majopo yanayotaka kusikia ndiyo tupu. Wana kisanduku cha kuweka vema, hawasikilizi kinachofuata. Mbele yao, anayejibu kwa tarehe na mpango anaweza kupitwa na aliyesema “popote”. Kwa ajili yao nashauri neno ndiyo lije kwanza kabisa kwenye sentensi, kabla ya maelezo yoyote, ili mwenye kisanduku apate vema lake na mwenye masikio apate vilivyobaki. Lakini kama kweli huwezi, kama mama yako anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na hakuna mwingine wa kumpeleka, basi sema huwezi kuhamia mwaka huu, na uliza kama wana nafasi hiyo hiyo mjini. Waajiri wenye matawi huwa wanayahifadhi majina ya namna hiyo. Jina la aliyesema ndiyo akatoroka baada ya miezi miwili nalo huhifadhiwa.