Kubadilisha wakati unaoonekana kwenye picha ya saa ya kidijitali: dhana potofu na ukweli

Picha nyingi za saa za mezani zinazouzwa Kariakoo hupigwa mara tu saa inapotolewa kwenye boksi na kuchomekwa kwenye umeme, na kwa hiyo huonyesha 12:00, wakati ambao saa nyingi za aina hiyo huanza nao kabla ya kurekebishwa. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua maana ya 12:00 inayowaka na kuzimika: umeme ulikatika, na hakuna aliyejishughulisha kuiweka saa sawa. Ndiyo sababu wenye maduka humwomba mhariri wa picha aubadilishe wakati huo, na ndipo dhana zisizo sahihi zinapojitokeza. Mfano nitakaoufuata hapa ni wa saa nyekundu ya taa za LED, yenye tarakimu nne, inayotakiwa itolewe kwenye 12:00 na kupelekwa kwenye 10:08.

Dhana: Wakati unaofaa kwenye picha ya saa yoyote ni 10:10.

Desturi hiyo ni ya saa za mishale. Mishale ikiwa kwenye saa nne na dakika kumi huinuka pande zote mbili kwa ulinganifu na kuliacha wazi jina la mtengenezaji, ambalo kwa kawaida huandikwa chini ya namba 12. Saa ya kidijitali haina mishale, kwa hiyo sababu yenyewe haipo. Kinachopaswa kuonekana ni ubora wa tarakimu, na kila tarakimu hujengwa kwa vijiti saba vya mwanga: namba 1 huwasha viwili tu, 0 huwasha sita, na 8 huviwasha vyote. Wakati wa 10:10 huwasha vijiti 16, ilhali 10:08 huwasha 21, na mnunuzi anaiona vizuri zaidi sura ya kioo anachokinunua.

Wapo pia wanaopendekeza iwekwe 4:08 kwa kuwa wateja ni Waswahili. Hakuna anayeiweka saa yake hivyo. Mtu wa Temeke huona 10:08 akasema saa nne na dakika nane bila hata kufikiri, na akiona 4:08 atasema saa kumi.

Dhana: Inatosha kufuta namba za zamani na kuandika mpya kwa fonti ya kidijitali.

Hili ndilo kosa linaloonekana upesi kuliko mengine yote, hata kwa mtu asiyejua limetokana na nini. Fonti huja na unene wake, mwinamo wake na nafasi zake kati ya vijiti, na ni nadra vitu hivyo vitatu vilingane na vya saa iliyo mbele ya kamera. Zaidi ya hapo, mwanga wa LED hauna rangi moja. Katikati ya kijiti kamera huzidiwa na mwanga, kwa hiyo rangi huelekea machungwa au hata nyeupe. Pembeni huwa nyekundu iliyokolea. Kisha mwanga husambaa kidogo juu ya plastiki inayokizunguka. Fonti iliyojazwa rangi nyekundu tupu haina lolote kati ya hayo, na hukaa juu ya picha kama stika.

Dhana hii ina ndugu yake, nayo ni kwamba kijiti kilichozimwa ni cheusi. Kitazame kioo cha saa karibu na dirisha na utaviona vijiti vilivyozimwa vikiwa na rangi ya kijivu hafifu au wekundu uliofifia, kwa sababu plastiki yao hurudisha mwanga wa chumba. Anayepaka rangi nyeusi juu ya kijiti anachotaka kukizima huacha kiraka cheusi kuliko kila kitu kilicho jirani nacho.

Ukweli ni kwamba mara nyingi kila kinachohitajika kimo ndani ya picha ileile. Mafundi wa elektroniki huviita vijiti kwa herufi: a ni cha juu, b cha kulia juu, c cha kulia chini, d cha chini, e cha kushoto chini, f cha kushoto juu, na g cha katikati. Tukienda kutoka 12:00 hadi 10:08, tarakimu ya kwanza na ya tatu hazibadiliki. Tarakimu ya pili, ambayo ni 2, imewasha a, b, d, e na g. Ili iwe 0 inabidi g izimwe, na c na f ziwashwe. Tarakimu ya nne, ambayo ni 0, inahitaji g peke yake ili iwe 8. Kwa hiyo 2 inakopesha g yake kwa tarakimu ya nne, na 0 ya tatu inakopesha umbo lake lote, pamoja na g yake iliyozimwa, kwa tarakimu ya pili.

Utaratibu ni muhimu: g inakiliwe kwanza, kabla 2 haijafunikwa. Katika Photoshop au GIMP, chagua kijiti hicho pamoja na mwanga kidogo unaokizunguka, kinakili kwenye tabaka jipya, kisogeze hadi katikati ya tarakimu ya nne, kisha uweke tabaka hilo katika hali ya Screen. Hali hiyo hujumlisha mwanga, na sehemu iliyo nyeusi haiongezi chochote. Lakini kwa kuwa plastiki inayokizunguka kijiti si nyeusi kabisa, ukiliacha tabaka kama lilivyo utaona mstatili wa ukungu. Tumia Levels kwenye tabaka hilo kuvuta sehemu za giza hadi zifikie weusi, na mstatili utatoweka huku mwanga ukibaki. Baada ya hapo ndipo 0 ya tatu inakiliwe juu ya 2 katika hali ya kawaida, kingo zake zikilainishwa. Angalia ukingo wake wa kushoto, kwa sababu umebeba mng'ao wa nukta mbili zinazotenganisha saa na dakika, na mng'ao huo hauna kazi karibu na namba 1. Ufute kwa brashi laini.

Ikiwa picha ilipigwa kwa pembe, tarakimu za upande mmoja ni kubwa kuliko za upande wa pili. Hapa macho hudanganya, kwa hiyo ni bora kupima. Kama tarakimu ya pili ina urefu wa pikseli 300 na ya nne ina pikseli 288, kijiti kilichotoka ya pili kwenda ya nne kipunguzwe hadi asilimia 96. Na kama saa imesimama juu ya kioo au meza inayong'aa, tarakimu zinaonekana mara ya pili chini yake, na kivuli hicho nacho kibadilishwe vilevile. Nimeona tangazo ambamo saa ilisema 10:08 na meza bado ilikuwa inasema 12:00.

Dhana: Saa inaweza kuonyesha wakati wowote mhariri anaoutaka.

Saa nyingi za mzunguko wa saa kumi na mbili zina vijiti viwili tu kwenye nafasi ya kwanza, kwa kuwa hapo haihitajiki namba nyingine ila 1. Kuipa saa hiyo 20:08 ni kumwonyesha mteja saa isiyokuwepo. Ikifika 9:05, nafasi hiyo huwa tupu na haiandiki 09:05. Baadhi ya saa huandika 6 na 9 bila mkia, na nyingine huiandika 7 kwa vijiti vinne badala ya vitatu. Hakuna kanuni inayozihusu zote, kwa hiyo tarakimu ambayo haimo kwenye picha ithibitishwe kwenye saa yenyewe.

Dhana: Kijiti kikikosekana kwenye picha, saa ni mbovu, au ni kazi ya mhariri kukijazia.

Muuzaji mmoja anaweza kurudisha katoni nzima kwa sababu hii, ilhali saa zake ni nzima. Saa nyingi za bei nafuu zinazotumia umeme wa ukutani haziwashi vijiti vyote kwa wakati mmoja. Umeme wetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na katika saa hizo kundi moja la vijiti huwaka kwenye nusu ya kwanza ya mzunguko na kundi la pili kwenye nusu iliyobaki. Jicho huyaunganisha makundi hayo, lakini kamera iliyofungua shata, yaani mlango wake wa kuingizia mwanga, kwa 1/250 ya sekunde inaweza kukuta kundi moja tu. Simu ndiyo inayoathirika zaidi, kwa sababu mchana kwenye mwanga mkali wa dukani huchagua shata ya haraka yenyewe.

Kipimo cha kutofautisha ni rahisi. Piga picha kadhaa mfululizo: vijiti vinavyokosekana vikibadilika kutoka picha moja hadi nyingine, tatizo ni shata; kijiti kilekile kikikosekana kila mara, na hata kwa macho hakionekani, hicho kimekufa. Tiba ya tatizo la shata ni kuifungua kwa 1/25 ya sekunde au zaidi, muda unaobeba mizunguko miwili kamili ya umeme, huku kamera ikiwa kwenye stendi au simu ikiegemezwa imara. Simu nyingi zina hali iitwayo Pro inayoruhusu jambo hili.

Dhana: Kuhariri ni haraka kuliko kupiga picha upya.

Kama saa bado iko dukani, ni kinyume chake. Kuiweka kwenye 10:08 kwa vitufe vyake huchukua muda mfupi kuliko kazi yote niliyoieleza, na mng'ao, kivuli cha mezani na alama ya PM hujipanga zenyewe. Ninachopendekeza ni picha mbili bila kuisogeza kamera wala saa: moja yenye mwanga mzuri wa kuonyesha umbo la saa, nyingine taa za chumba zikiwa zimezimwa ili tarakimu zitoke vizuri bila kuungua. Ya pili huwekwa juu ya ya kwanza katika hali ya Screen. Fanya haraka kabla dakika haijabadilika, la sivyo utaunganisha 10:08 na 10:09, na tarakimu ya mwisho itabaki 8, kwa sababu vijiti vyote vya 9 vimo ndani ya 8, ila kijiti e kitakuwa hafifu kuliko vingine. Uhariri ubaki kwa picha ambayo saa yake imeshauzwa au iko kwa msambazaji wa mbali.

Saa za kioo cha LCD, zile zenye tarakimu nyeusi juu ya kijivu, hufuata mantiki iliyogeuzwa. Kijiti kinanakiliwa katika hali ya Multiply, ambayo hutia giza badala ya kujumlisha mwanga, na kinakwenda na kivuli chake chembamba kinachoangukia nyuma ya kioo.

Dhana: Kubadilisha wakati kwenye picha ni kumdanganya mnunuzi.

Wakati si sifa ya bidhaa. Saa iliyouzwa ikionyesha 10:08 itaonyesha chochote mwenyewe atakachokiweka. Udanganyifu huanza pale mhariri anapoongeza sekunde kwenye saa isiyo na sekunde, anapoweka nyuzi joto pasipo na kipimo cha joto, anapoigeuza LED nyekundu kuwa nyeupe, au anapozidisha mwangaza wa tarakimu hadi zionekane juani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na muuzaji anayepokea picha iliyoongezewa hivyo anayo haki ya kuikataa kabla haijafika kwa wateja wake.