Siku ya kripto inaanza saa tisa usiku: dhana potofu kuhusu ufunguzi na indiketa za seshen

Dhana: mshumaa wa siku unaanza saa sita usiku wetu, na kama hauanzi badilisha taimuzoni tu

Hii naisikia sana kwa vijana wa hapa Tanga wanaotredi kwa simu, ukipita Ngamiani jioni huikosi. Masoko mengi makubwa ya kripto yanakata siku saa 00:00 UTC, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kwetu ni saa tisa usiku. Ukiingia TradingView ukaweka saa za Afrika Mashariki kinachobadilika ni maandishi ya saa pale chini ya chati, mshumaa wa siku wenyewe haukatwi upya, uko vilevile.

Sasa mtu anasema masaa matatu yana shida gani. Chukua mfano wa pivoti, yaani juu jumlisha chini jumlisha bei ya kufunga, gawa kwa tatu. Tuseme Bitcoin ilifika juu 68,000 mchana, mpaka saa sita usiku wetu ilikuwa haijashuka chini ya 66,500 na ipo 67,400. Ukikata siku hapo pivoti yako ni 67,300. Halafu kati ya saa sita na saa tisa, wewe umelala, inaporomoka mpaka 65,000 na inafunga siku ya UTC kwenye 65,500. Pivoti sasa ni 66,167. Tofauti ni zaidi ya dola 1,100, na soko ni lilelile! Mimi nasema shika ya UTC, kwa sababu ndiyo wengi wanaiona kwenye chati zao.

Na wale mnaotredi BTCUSD kwa broka wa foreksi kwenye MT5 kuweni makini zaidi, pale siku inakatwa kwa saa ya seva ya broka, ambayo mara nyingi ni GMT+2 au +3, na wengine wanafunga wikiendi kabisa ndo maana Jumatatu unaona pengo ambalo kwenye soko lenyewe la kripto halipo. Kujua yako inakatwa wapi ni rahisi: chukua bei ya kufungulia ya mshumaa wa siku, nenda chati ya saa moja, tafuta mshumaa uliofungua kwa bei hiyohiyo.

Dhana: dakika 30 za kwanza za siku ndizo zenye nguvu, so subiri brekiauti yake

Kwenye hisa ni kweli, soko limelala usiku kucha, oda zimerundikana, linafunguliwa zote zinaingia pamoja. Kripto haikulala. Saa tisa usiku hakuna kengele, hakuna oda zilizokuwa zimezuiwa mlangoni, kuna mshumaa mpya tu na makato ya fandingi kwenye masoko mengi ya fyucha. Ndo maana brekiauti za saa hiyo nyingi zinatoka kidogo zinarudi.

Voliumu yenyewe angalia soko la hisa la New York likifunguliwa, saa 3:30 asubuhi kwao. Tangu Januari 2024 ETF za Bitcoin za spoti zinauzwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani, yanayofunguliwa saa hiyohiyo, kwa hiyo pesa nyingi zinasubiri saa hiyo kweli. Kwetu ni saa kumi na nusu jioni wakati wao wamesogeza saa mbele, kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba, halafu inahamia saa kumi na moja na nusu. Ukiandika saa kumi na nusu ya Tanga moja kwa moja kwenye indiketa, miezi minne hivi ya mwaka itakuwa inapima saa nzima kabla ya ufunguzi.

Dhana: VWAP inajirekebisha yenyewe

VWAP, yaani wastani wa bei uliopimwa kwa voliumu, hairekebishi chochote, inaanza kuhesabu upya kila 00:00 UTC kwa sababu imeambiwa siku mpya. Ikifika jioni imeshabeba masaa kumi na zaidi ya biashara ya Asia na Ulaya, kwa hiyo inakwenda pole pole na wanunuzi wa Marekani wakiingia haikuonyeshi wastani wao. Iambie ianze pale unapotaka, kwa kodi hii ya Pine ya TradingView:

```
//@version=5
indicator("VWAP New York", overlay=true)
z = "America/New_York"
anza = hour(time, z) == 9 and minute(time, z) == 30
plot(ta.vwap(hlc3, anza))
```

Hiyo z ndo inashughulikia kusogezwa kwa saa. Tumia chati ya dakika 5, 15 au 30. Kwenye chati ya saa moja hakuna mshumaa unaoanza na nusu, so haitaanza hata siku moja, utaona mstari haupo kabisa. Pia Jumamosi na Jumapili itaanza upya kama kawaida ilhali New York imefungwa, siku hizo mimi narudi kwenye ile ya UTC.

Dhana: namba za hisa zinafaa hivyohivyo

ATR ya 14, yaani wastani wa mwendo wa bei wa siku 14, kwenye hisa ni karibu wiki tatu, kwenye kripto ni wiki mbili kamili na ndani yake kuna wikiendi mbili ambazo mara nyingi zimepoa, kwa hiyo ikisomwa Jumatatu asubuhi inaweza kukupa stoplosi fupi kuliko mwendo wa Jumatatu jioni. Na ukipandisha volatiliti ya siku iwe ya mwaka zidisha kwa kipeuo cha pili cha 365, siyo cha 252, maana hapa hakuna siku ya mapumziko.