Kabla ya prompti: kuyageuza maneno ya mteja kuwa mwanga, rangi na uso wa vitu

Wateja wengi wa picha za akili mnemba hawaji na picha, wanakuja na maneno. Huyu ninayemtolea mfano ni mama anayetengeneza sabuni za mwani na karafuu kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, na anataka kuziingiza katika maduka ya hoteli. Alichonitumia ni maneno manne tu: asili, kifahari, kizanzibari, safi.

Ukiyabandika maneno hayo kama yalivyo kwenye Midjourney, programu ya kuzalisha picha kutokana na maneno, unaweza kutabiri kitakachotoka. "Kifahari" italeta marumaru nyeusi na dhahabu. "Kizanzibari" italeta bahari ya samawati, mnazi ulioinama na jahazi wakati wa machweo. "Asili" itamwaga majani mabichi kila kona. Programu imefunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatana na maneno hayo, kwa hiyo inakurudishia kile kilichojirudia zaidi. Picha inaweza kupendeza kabisa, ila haitamtofautisha mama huyu na muuza sabuni mwingine yeyote duniani.

Kwa hiyo prompti, yaani maelezo ninayoipa programu ili ichore, naiandika mwisho. Kinachotangulia ni mudibodi, yaani ubao mmoja wa picha chache ambazo mimi na mteja tumekubaliana kila moja ipo kwa sababu gani.

Naanza kwa kuyatenga maneno. Yako yanayotaja vitu, kama mwani na karafuu. Hayo hayasumbui sana. Yako yanayotaja hali, kama safi au tulivu. Halafu yako ya sifa: kifahari, bora, ya kisasa. Haya ndiyo yanayokula muda, maana mteja akiyatamka anaisifu bidhaa yake, haelezi kinachoonekana.

Kwa kila neno la sifa natafuta picha mbili au tatu ambazo zote zinastahili kuitwa hivyo lakini hazifanani hata kidogo. Kwa "kifahari" nilimwekea mama picha tatu: marumaru nyeusi inayong'aa chini ya taa ya dhahabu, kitambaa cha hariri nyeupe kilichokunjwa kwa nidhamu, na ukuta wa chokaa wa nyumba ya Mji Mkongwe wenye kidaka kimoja na bakuli la shaba ndani yake, mwanga ukiingia kutoka upande. Nikamuuliza, "Mama, sabuni yako ingekaa wapi hapa?"

"Hii nyeusi ni ya marashi ya uwanja wa ndege, mwanangu. Niwekee kwenye ukuta."

"Ukuta una nini?"

"Umetulia. Halafu unaona kabisa kuna mtu aliupaka kwa mkono."

Jibu hilo la mwisho lilinifaa kuliko maneno manne ya mwanzo. Alama za mkono kwenye chokaa ni kitu ninachoweza kukiandika, na programu inaweza kukichora. Ndiyo maana simwachi mteja aishie kwenye "hii nzuri". Namwomba aweke kidole pale hasa panapomvutia. Mara nyingi kidole hakiendi nilikodhania. Mtu anaweza kuchagua picha ya chumba kizima kwa ajili ya kivuli kidogo kilichoangukia mlangoni.

Katika hatua hii natumia picha zilizopigwa kwa kamera, nyingi zangu mwenyewe za simu, wala si zilizozalishwa na programu. Nikimwonyesha mteja picha zilizozalishwa, atakuwa anachagua ndani ya ladha ya programu ileile ninayojaribu kuikwepa. Tena ataizoea ile ngozi yake laini isiyo na kasoro, na baada ya hapo ukuta wa kweli atauona mchafu.

Picha zilizochaguliwa nazipunguza zibaki kama tisa, na kila moja naipa kazi moja. Hii ni ya mwanga, hii ya rangi, hii ya uso wa vitu, hii ya umbali wa kamera, hii ya nafasi tupu. Chini ya kila picha naandika tunachochukua na tunachoacha: "Tunachukua mwanga wa ubavuni, tunaacha bakuli." Bila maandishi hayo, wiki ijayo mteja atauliza bakuli limekwenda wapi. Pembeni inakaa safu ya tulivyovikataa. Kwa mama huyu safu hiyo ilikuwa na dhahabu, mnazi, majani mabichi na machweo.

Kisha nausinyaza ubao wote mpaka utoshe kwenye ukucha. Ukiwa mdogo hivyo, vitu hupotea na zinabaki rangi na mwanga. Wa sabuni ulibaki na weupe wa chokaa iliyozeeka, kahawia ya karafuu na kijani kilichofifia, isipokuwa picha moja iliyochomoza kwa rangi ya chungwa. Ilikuwa na jua la jioni, wakati zilizobaki zina mwanga wa mchana uliotulia. Mianga miwili kwenye ubao mmoja huzaa mfululizo wa picha zisizo za familia moja, kwa hiyo niliitoa, ingawa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Mwani nao ulihitaji picha yake. Programu nyingi zikisikia mwani huchora utepe mpana unaoteleza, kama wa bahari za baridi. Mwani unaolimwa Unguja una vijitawi vyembamba vyenye vinundu, na mkulima yeyote wa Paje au Jambiani angecheka akiona ule utepe kwenye pakiti. Kwa hiyo umbo lake linaelezwa ndani ya prompti.

Prompti sasa inaandikwa kwa kuusoma ubao. Naiandika kwa Kiingereza kwa sababu programu hizi huelewa lugha hiyo vizuri zaidi:

```
handmade soap bar in a lime plaster wall niche,
visible trowel marks, soft daylight from the left,
aged off-white and clove brown,
thin knobbly branching seaweed,
close view, empty wall above
--ar 4:5 --no gold, palm trees, sunset, leaves
--sref URL_YA_PICHA --sw 60
```

Tazama kwamba hakuna hata moja kati ya maneno manne ya mama. Rangi nazitaja kwa kitu chenye rangi hiyo. Namba za rangi za tarakimu na herufi programu hizi hazizifuati kwa uhakika. Vilivyokataliwa vinakaa kwenye `--no`, kwa maana ukiandika katikati ya sentensi kwamba hutaki minazi, neno mnazi limeshaingia na mnazi unaweza kuota.

`--ar` ni uwiano wa upana na kimo cha picha, `--sref` huipa programu picha ya kuiga mtindo, na `--sw` ni uzito wake, kuanzia 0 hadi 1000, kawaida ikiwa 100. Nimeushusha kwa sababu mtindo huvujisha vitu: picha ya ukuta wenye mlango wa kuchonga inaweza kukuletea nakshi hadi kwenye sabuni. Ukiona hivyo, punguza uzito au ukate picha ibaki kipande cha chokaa tu. Picha unayoiweka hapo iwe yako au uwe na ruhusa yake. Za wapigapicha wengine ziishie kwenye mazungumzo yako na mteja.

Picha zikitoka, naziweka kandokando na ubao na kuuliza mambo yaleyale: mwanga unatoka upande uleule? Uso una alama za mkono au umelainishwa? Juu pamebaki nafasi ya maandishi? Jina la sabuni lenyewe siliachii programu, kwani herufi huweza kupinda. Lebo halisi naipachika baadaye.

Mama alipoona za kwanza aliomba ziwe "za kisasa kidogo". Prompti sikuigusa. Nilimtumia picha tatu za kisasa zisizofanana, nikasubiri aweke kidole.