Kidonge cha ukeni si kidonge cha kumeza

Kwa mara nyingine nimeletewa mgonjwa aliyenyimwa vidonge vya estrojeni vya ukeni, vya kutibu ukavu wa uke, kwa kuambiwa, "Mama, wewe umeugua saratani ya titi, homoni ni sumu kwako." Alikuwa amekaa mwaka mzima na michubuko inayotoa damu kila akikutana na mumewe, na maambukizi ya mkojo yasiyoisha. Aliyemwambia hivyo hakuuliza dozi wala hakuuliza anatumia dawa gani ya saratani, na hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

Tuanze na dozi. Kidonge cha ukeni cha dozi ndogo kina mikrogramu 10 za estradioli, aina ya estrojeni. Unaweka kimoja kila siku kwa wiki 2, halafu viwili kwa wiki. Piga hesabu ya mwaka wa kwanza: vidonge 14, kisha 100 kwa wiki 50 zilizobaki, jumla 114. Hiyo ni miligramu 1.14 kwa mwaka mzima. Anayemeza estradioli ya miligramu 1 kila siku humaliza miligramu 365. Wenzangu wengi huishia hapo wakaona hoja imekwisha. Haijaisha, kwa sababu dawa ya kumeza hupita kwanza utumboni na kwenye ini, na sehemu yake kubwa hugeuzwa kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu. Ya ukeni haipiti njia hiyo. Kwa hiyo miligramu zenyewe hazitoshi kulinganisha. Tunalinganisha kiwango kilichomo kwenye damu.

Kiwango hicho hakitulii tangu siku ya kwanza. Uke uliokosa estrojeni una ukuta mwembamba na pH iliyopanda kupita 5, na ukuta wa namna hiyo hupitisha dawa kirahisi. Kadiri siku zinavyokwenda, seli zinapangana tabaka juu ya tabaka, na ukuta unaoponywa na dawa huanza wenyewe kuizuia isipite. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wanawake wachache waliokuwa kwenye vizuia aromatase, dawa za saratani zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, huku wakitumia vidonge vya zamani vya mikrogramu 25. Estradioli yao ilipanda hadi wastani wa pikomoli 72 kwa lita katika wiki ya 2, yaani kama pikogramu 20 kwa mililita. Kufikia wiki ya 4 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hapo kwa wengi wao, ingawa kwa wawili ilipanda tena. Wawili hao hutajwa na wanaopinga dawa, husahaulika na wanaoitetea. Mimi nawakumbuka kila ninapoandika dawa hii.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote: kupima estradioli ovyo kisha kuamua tiba kwa jibu lile. Maabara nyingi hutumia kipimo cha kingamwili, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake wanaopata hedhi, ambao estradioli yao hufika mamia ya pikogramu. Ukishuka chini ya 20 hivi, kipimo hicho hakiaminiki tena. Mwanamke aliyekoma hedhi kwa kawaida yuko chini ya hapo, na aliye kwenye kizuia aromatase huwa chini ya pikogramu 1. Kumpima kwa kingamwili ni kutafuta punje ya mchanga kwa mizani ya magunia. Jibu la "chini ya 20" haliwezi kukuambia kama amepanda kutoka 0.5 hadi 15.

Hatari ya upande wa pili nimeiona. Mama wa miaka 61, anayemeza kizuia aromatase kiitwacho eksemestani, alipimwa siku ya kumi ya vidonge vya ukeni. Jibu lilikuwa la mwanamke ambaye bado anaona siku zake. Akaamriwa aache mara moja, akaja kwangu analia, anaamini ameirudisha saratani kwa mikono yake. Nilimwuliza tarehe ya kuchukuliwa damu na majina ya dawa zake zote, basi. Siku ya kumi ni kipindi kile kile cha ukuta mwembamba. Zaidi ya hapo, eksemestani ni steroidi. Kingamwili za kipimo huweza kuikamata, yenyewe na mabaki yake, zikaihesabu kuwa estradioli. Fulvestranti, dawa nyingine ya saratani ya titi, nayo hudanganya kwa namna hiyo hiyo. Tulirudia kwa spektrometa ya masi, inayotenganisha molekuli kwa uzito wake, baada ya wiki kadhaa za dozi ya mara mbili kwa wiki. Jibu lilirudi chini kabisa, mahali pa mwanamke aliyekoma hedhi.

Je, hapo amethibitishwa kuwa salama? Hapana, na hili vitabu hulipita haraka. Hakuna anayejua ni kiwango gani cha estradioli kinachoanza kuamsha seli za saratani zilizobaki kwa mwanamke ambaye tumetumia dawa nzito kumshusha hadi karibu na sifuri. Kwa anayemeza tamoksifeni sina wasiwasi mkubwa, maana tamoksifeni imekalia kipokezi chenyewe cha estrojeni kwenye titi, na estradioli kidogo inayopita haina pa kushika. Kizuia aromatase hakilindi kipokezi. Kazi yake yote ni kuondoa estrojeni.

Ndiyo maana utafiti wa Denmark wa mwaka 2022 unastahili kusomwa wote. Kati ya wanawake 8,461 waliofuatiliwa, waliotumia estrojeni ya ukeni hawakurudiwa na saratani zaidi ya wenzao kwa ujumla. Lakini kundi lililokuwa pia kwenye vizuia aromatase lilirudiwa zaidi, kwa uwiano wa hatari wa 1.39, bila vifo kuongezeka. Huenda ni bahati ya kundi dogo, huenda ni kweli. Mwaka 2024 ukaja utafiti wa Skotilandi na Welisi, wanawake 49,237, ambapo watumiaji walikufa kwa saratani ya titi kwa uchache zaidi, uwiano wa hatari 0.77. Siamini hata kidogo kwamba dawa hii inakinga. Daktari haandiki kidonge cha ukavu kwa mgonjwa ambaye saratani imeshamwenea, hivyo waliopewa walikuwa na hali nzuri tangu mwanzo. Upendeleo huo unaweza pia kuficha madhara madogo. Jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kubwa kiasi cha kumaliza ubishi, hatuna. Utafiti wa HABITS uliochapishwa mwaka 2004, ambao wapinzani huushika, ulikuwa wa homoni za mwili mzima, si za ukeni.

Kwa hiyo aliye kwenye kizuia aromatase kama letrozoli au anastrozoli naanza naye kwa kilainishi cha uke mara kadhaa kwa wiki, pamoja na lidokeini ya maji asilimia 4 mlangoni mwa uke dakika chache kabla ya tendo. Akirudi bado anaumia, namwita daktari wake wa saratani tuzungumze watatu. Ikiwa uvimbe ulikuwa mdogo na tezi za kwapani zilikuwa safi, nauliza kama anaweza kuhamishiwa tamoksifeni kwanza. Isipowezekana, na yeye mwenyewe ameelewa ile 1.39 na mashaka yake, naandika mikrogramu 10 na kumwomba asizidishe hata wiki ambayo hali ni mbaya. Damu yoyote itakayotoka baada ya ukuta kupona nataka kuiona siku hiyo hiyo, maana wakati huo siwezi tena kuilaumu michubuko.