Kubadili dini na mirathi ya mzee

"Kaka yetu wa Majengo hapa Moshi aliokoka, mzee amefariki Muislamu, si ndo hapati hata senti?"

Hapana jamani. Fungu la mirathi kweli hana, na akisilimu leo kabla ya kugawana haimsaidii, inaangaliwa dini siku mzee alipofariki. Ila kwakuwa sio mrithi, mzee aliruhusiwa kumuachia wasia mpaka theluthi moja, na hilo ndo watu wengi wanalificha! Chukua mali ya milioni 30, toa mazishi na madeni milioni 3, zinabaki 27, basi wasia wake unaweza kufika milioni 9 na hapo ndugu hawana ruhusa ya kumnyima, ukizidi hapo lazima warithi wakubali. Kwahiyo kabla hamjagawana tafuteni wasia kwanza.