Mtoto mwenye figo dhaifu: dawa hii tunaichelewesha, ile tunaipunguza

Mzazi akisikia kwamba figo za mwanawe hazichuji vizuri, kwa kawaida huwaza kwamba kila dawa sasa itakatwa nusu. Wapo hata watoa huduma wanaowaza hivyo. Ukweli ni kwamba kuna dawa zisizoguswa kabisa, kama seftriaksoni kwa mtoto ambaye ini lake ni zima, kwa sababu sehemu kubwa yake hutoka pia kwa njia ya nyongo. Kwa zile zinazotegemea figo tuna njia mbili: kuacha dozi ilivyo na kurefusha muda kati ya dozi na dozi, au kuacha saa zilivyo na kupunguza kiasi. Ipi itumike, inategemea dawa inavyofanya kazi mwilini. Nitaeleza kwa mtoto mmoja wa mfano anayetumia dawa mbili, kila moja ikitaka njia yake.

Ana miaka 6, kilo 20, urefu sentimita 110. Alizaliwa na kizuizi kwenye njia ya mkojo; kiliondolewa, lakini figo zilikuwa zimeshaumia. Ana kifafa, na anakunywa levetirasetamu ya maji. Sasa amelazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na majibu ya kuotesha mkojo yanaonyesha kimelea kinachohimili seftriaksoni lakini kinauawa na gentamisini. Laiti kungekuwa na dawa nyingine inayofaa tungeikwepa gentamisini, maana yenyewe inaweza kuumiza figo. Hapa hatuna.

Kabla ya kugusa dozi yoyote, tunataka kujua figo zimebaki na uwezo gani. Kipimo cha damu kinaonyesha kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ni mikromoli 150 kwa lita, na imekuwa hapo hapo kwa miezi. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 16 tunatumia fomula ya Schwartz, iliyorekebishwa mwaka 2009, ambayo inataka vitu viwili tu, urefu na kreatinini, na jibu lake, eGFR, ni kadirio la kasi ya figo kuchuja damu:

```
eGFR = 36.5 × urefu (cm) ÷ kreatinini (µmol/L)
     = 36.5 × 110 ÷ 150
     = 27
```

Figo nzima za umri huu huchuja kiasi cha 100 na kitu kwa kipimo hicho hicho. Kwa hiyo huyu amebaki na karibu robo. Shika hiyo robo, tutaihitaji.

Tuanze na gentamisini. Dawa hii huua bakteria kwa kishindo: ikipanda juu sana kwenye damu, hata kwa muda mfupi, inawaangamiza wengi kwa mkupuo, na waliobaki huendelea kulegea kwa saa kadhaa hata dawa ikishashuka. Madhara yake yana tabia tofauti. Figo na sikio la ndani havidhuriki sana na kule kupanda kwa muda mfupi. Vinadhurika dawa inapokaa kwenye damu bila kushuka, maana seli zake huendelea kuinyonya kidogo kidogo saa zote. Kwa hiyo tunataka ipande juu, kisha ishuke kabisa, chini ya miligramu 1 kwa lita, kabla ya dozi nyingine.

Dozi ya kawaida ni miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani miligramu 150 kwa mtoto huyu. Inasambaa kwenye maji ya mwili yapatayo lita 6, hivyo damu inafika kama miligramu 25 kwa lita. Kwa mtoto mwenye figo nzima kiwango hicho hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi, na ndani ya saa 10 kimeshapita chini ya 1. Saa 14 zinazobaki ni mapumziko.

Kwa mtoto wetu kila nusu inachukua muda mara nne, yaani saa 8. Kutoka 25, baada ya saa 8 yuko 12.5, saa 16 yuko 6, na saa 24, wakati muuguzi anakuja na sindano ya pili, bado yuko 3. Ukimpa, unaongezea juu ya hiyo 3. Ukisubiri hadi saa 40 atakuwa ameteremka hadi 0.8, na saa 48 atakuwa 0.4. Kwa hiyo dozi inabaki ile ile 150, ila inatolewa kila baada ya saa 48.

Mtu atauliza, kwa nini tusimpe nusu, 75, kila siku? Hesabu inajibu. Kilele kitakuwa 12.5 tu, bakteria wanapata nafuu, na baada ya saa 24 damu bado ina 1.6. Tumepoteza nguvu ya dawa na hatujaliokoa sikio. Nimeona dozi za namna hii zikiandikwa kwa nia njema kabisa, na mtoto akaendelea na homa siku ya nne.

Hesabu hii ni makadirio, na watoto wawili wenye eGFR moja hawafanani. Kwa hiyo kabla ya dozi ya pili tunachukua damu na kupima gentamisini yenyewe. Ikiwa chini ya 1, tunampa. Ikiwa juu, tunasubiri na kupima tena. Saa iliyoandikwa kwenye chati isimshinde mtu mwenye majibu mkononi. Na siku za dawa hii ziwe chache kadiri inavyowezekana, kwa sababu usikivu ukipotea haurudi. Huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, zile ambazo mazungumzo ya kawaida hayazihitaji sana, kwa hiyo mtoto anaweza kuitika vizuri anapoitwa huku madhara yameshaanza. Ndiyo maana tunaomba kipimo cha usikivu badala ya kutegemea macho ya mama.

Jambo moja linasahauliwa sana: dozi ya kwanza haipunguzwi wala haicheleweshwi. Kiwango cha kwanza kwenye damu kinaamuliwa na maji ya mwili, na maji hayo mtoto anayo kama wenzake. Figo zinaamua lini dozi ya pili ije. Mtoto mwenye maambukizi makali akipewa dozi ya kwanza ya kubahatisha, siku ya hatari zaidi inapita bila dawa ya kutosha.

Sasa levetirasetamu. Dawa ya kifafa haina kilele cha kufukuzia. Inatakiwa ikae kwenye damu kwa kiwango kinachokaribiana mchana na usiku, kwani degedege halichagui saa. Kabla figo hazijafika hapa mtoto alikuwa akinywa miligramu 20 kwa kilo mara mbili kwa siku, yaani 400 asubuhi na 400 jioni. Mwongozo wa dawa hii kwa mtoto wa uzito wake mwenye eGFR chini ya 30 unaruhusu miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Tunachukua 10, inakuwa 200 asubuhi na 200 jioni.

Angalia kwamba 200 mara mbili ni sawa na 400 mara moja. Jumla ya siku haibadiliki. Lakini ukimpa 400 kwa mkupuo, atasinzia na kuyumba saa chache baadaye, halafu alfajiri dawa itakuwa imeshuka, mtoto hana kinga ya kutosha. Hapa saa hazirefushwi. Kinachopungua ni kiasi.

Pengine umeshangaa kwamba figo zimebaki robo lakini dawa imekatwa nusu tu. Sababu ni kwamba karibu theluthi mbili ya levetirasetamu hutoka kupitia figo bila kubadilika. Sehemu iliyobaki mwili unaishughulikia kwa njia nyingine ambazo hazijaguswa. Gentamisini karibu yote hupita kwenye figo, na bado muda wake haukurefushwa mara nne, kwa sababu zile saa 24 za kawaida zilikuwa na nafasi kubwa ya ziada tangu mwanzo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna kigawanyo kimoja cha dawa zote.

Kosa linalotokea nyumbani mara nyingi halihusu figo kabisa. Ni kuchanganya miligramu na mililita. Dawa ya maji ya levetirasetamu iliyozoeleka ina miligramu 100 katika kila mililita 1, kwa hiyo mtoto wetu alikuwa anavuta mililita 4 kwenye sirinji, sasa anavuta 2. Mzazi akiambiwa "punguza hadi 200" bila kuonyeshwa mstari kwenye sirinji, anarudi nyumbani na mazoea ya zamani. Mfamasia achore alama ya kalamu kwenye mstari wa 2, mzazi avute mbele yake, na kipande cha zamani cha maelekezo kichanwe hapo hapo. Dozi ikisahauliwa, isirudishwe kwa kuongeza maradufu inayofuata. Mtoto akianza kusinzia kuliko kawaida, kupepesuka au kuwa mkali bila sababu, apelekwe akachunguzwe. Mzazi asipunguze wala kuacha mwenyewe, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Na homa isitulizwe kwa ibuprofeni, ambayo hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Yote haya yamesimama juu ya kreatinini iliyotulia. Mtoto mwingine mwenye kreatinini hiyo hiyo 150 leo, lakini jana alikuwa na 60, fomula itampa 27 na itakuwa inadanganya. Figo zake zinaweza kuwa karibu zimesimama, ila kreatinini bado haijapata muda wa kujikusanya. Mkojo unasema mapema zaidi: kwa mtoto wa kilo 20, chini ya mililita 10 kwa saa, saa sita mfululizo au zaidi, ni dalili kwamba hatuna namba ya kuamini. Huyo hapewi gentamisini kwa saa, bali kwa kipimo cha damu. Udanganyifu wa upande huo huo unatoka kwa mtoto aliyekonda sana. Kreatinini hutokana na misuli, naye misuli hana, kwa hiyo namba inaonekana nzuri huku figo ni mbaya.

Mtoto wetu alipopona maambukizi na kurudi kliniki miezi kadhaa baadaye, alikuwa amefika sentimita 112 na kreatinini imeshuka hadi 120. Fomula inatoa 34. Sasa ameingia daraja la 30 hadi 49, ambalo linaruhusu levetirasetamu miligramu 5 hadi 15 kwa kilo, hivyo kwa kilo zake 20 anaweza kupanda hadi 300, yaani mililita 3. Lakini hajapata degedege tangu atoke wodini, na mama anasema darasani hasinzii. Tukaiacha kwenye 2, tukaandika kwenye kadi kwamba nafasi ya kupanda ipo.