Utani wa sekunde 30 kabla ya kanula

Nimeweka kanula nyingi, vile vimrija vya kupitishia dawa kwenye mshipa, kiasi kwamba nikimsalimia mtu kwa mkono, macho yangu hutangulia kutafuta mshipa. Lakini hapa sitaeleza jinsi ya kuupata. Nataka kuzungumzia kinachosemwa kabla sindano haijagusa ngozi, hasa pale mgonjwa anapoogopa na wewe unatamani kumchekesha.

Juzi aliingia baba mmoja wa miaka arobaini na kitu, mwili wa kubeba mizigo, akisubiri upasuaji mdogo. Alikaa akaficha mikono chini ya mapaja. Sijamaliza kujitambulisha, akasema: "Sista, mimi na sindano hatujawahi kuelewana."

Hiyo ndiyo ruhusa ninayoingojea. Mgonjwa akianza yeye, najua mlango uko wazi. Nikamjibu, "Leo siwapatanishi. Mtakutana mara moja tu, kisha kila mtu aende zake." Akacheka, mkono mmoja ukatoka mafichoni. Huo mkono ndio niliokuwa nautazama, maana mdomo wa mtu mwenye hofu hucheka hata kwa adabu tu. Kicheko cha kweli utakiona vidoleni, mabega yakishuka na pumzi ikirefuka. Mtu akicheka huku vidole bado vimeng'ang'ania kiti, ameniheshimu tu, hajatulia. Hapo utani wa pili siupeleki.

Hofu yenyewe inaniharibia kazi. Mtu akiogopa, mishipa ya mikononi hujibana na vidole hupoa, hivyo mshipa uliokuwa unaonekana vizuri dakika tano zilizopita unapotea. Kwa hiyo kumtuliza mgonjwa ni sehemu ya kuutafuta mshipa, sawa na kumfunika mkono kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Kabla ya mzaha wowote kuna maswali ninayoyauliza kwa uso mkavu: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, dawa zinazomdhuru, na kama amewahi kuzimia akichomwa sindano. Haya sichanganyi na kicheko hata kidogo. Ukiuliza kuhusu mzio kwa sauti ya mzaha, utajibiwa kwa mzaha, na jibu hilo litaingia kwenye faili kama ukweli. Maelezo ya maumivu nayo nayatoa wazi: utasikia mchomo mkali wa sekunde chache, kisha utapungua. "Haitauma" si utani wala faraja, ni uongo ambao mgonjwa ataugundua muda si mrefu, na baada ya hapo hataamini lolote utakalomwambia.

Halafu namwonyesha kanula. Wengi wanadhani sindano ya chuma itabaki ndani ya mkono wakilala nayo. Nikimwonyesha kwamba chuma kinatoka na kinachobaki ni kimrija laini kinachokunjika, uso hubadilika. Yule baba alikiminya kwa vidole, akauliza, "Hiki tu?" Nikamwambia ndiyo, mwenye makelele anaondoka, anabaki mpole. Kifaa kinaweza kutaniwa bila kumuumiza mtu. Hicho alichokigusa nilikitupa nikafungua kipya, na nilimwambia kwa nini.

Nafasi yangu ya mazungumzo ni pale ninaposafisha ngozi. Nasugua kwa spiriti sekunde 30, kisha naiacha ikauke yenyewe, kama sekunde 30 nyingine. Ngozi ikiwa bado mbichi, spiriti huwasha zaidi sindano ikiingia, kwa hiyo haraka haina faida. Muda huo ndio wa maneno. Nikishaishika sindano nanyamaza, au nasema tu ninachofanya. Anayecheka hutikisika kuanzia tumboni hadi kwenye kiganja, na ncha ya sindano ikishaingia kwenye mshipa, mtikisiko mdogo tu unatosha kuipitisha upande wa pili. Utaona uvimbe ukijitokeza palepale, na itabidi uanze upya mahali pengine.

Ngozi ikiwa inakauka, yule baba alipiga mwayo. Kisha mwingine. Midomo ikapauka, jasho likatokeza juu ya mdomo, majibu yakawa ya neno mojamoja. Muuguzi mgeni angeona kimya hicho akaongeza vichekesho ili amchangamshe. Mimi niliacha utani mara moja, kwa sababu hiyo haikuwa hofu ya kawaida tena. Kwa watu wa aina yake, mapigo ya moyo hupanda kwanza, kisha mapigo na presha huporomoka kwa pamoja, na mtu anazimia. Kumwambia ajilegeze na acheke hakumsaidii, kwani anachohitaji ni presha ipande.

Nilimlaza chali, nikamwambia akaze mapaja, makalio na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka asikie uso umepata joto. Kisha aachie kidogo, bila kulegea kabisa, kwa sekunde 20 hadi 30, arudie mara tano. Rangi ya midomo ilirudi. Nilimwuliza tena kama niendelee au tungoje. Akasema niendelee, na kanula ikaingia mara ya kwanza.

Kuna utani mmoja nilioupiga zamani ambao siwezi kuusahau. Mama mmoja, mwembamba, nilimchoma nikaukosa mshipa. Nikasema, "Mishipa yako inanikimbia kama inadaiwa!" Akacheka sana, hata mwenzangu akacheka. Nilipojaribu mara ya pili nikakosa tena, akaniambia taratibu, "Nisamehe sista, mwili wangu mbovu." Alikuwa kwenye matibabu ya muda mrefu, na kila chumba alichopita alishaambiwa mishipa yake mibaya, inajificha, inateleza. Aliyekosa ni mimi, na aliyeomba msamaha ni yeye. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu, nikamwita mwenzangu badala ya kujaribu mara ya tatu.

Tangu siku hiyo mwili wa mgonjwa siutanii, hata kwa upole: mishipa, uzito, vinyweleo, makovu, chochote. Uwezo wangu nao siutanii mbele ya anayeogopa. "Usijali, leo ndiyo siku yangu ya kwanza" huchekesha wauguzi peke yao, na mgonjwa huibeba sentensi hiyo mpaka chumba cha upasuaji. Halafu kuna pazia. Tunacheka kwenye meza ya dawa juu ya mambo yetu wenyewe, kumbe aliyelala upande wa pili, aliyetoka kuvuliwa nguo sasa hivi, anajua kabisa anachekwa yeye.

Mgonjwa naye huja na utani mzito. "Nikilala moja kwa moja, simu yangu mpeni mke wangu." Wengi wetu hucheka tukapita. Mimi hutabasamu, kisha huuliza, "Umesema kwa mzaha, lakini kuna kinachokutisha kuhusu dawa ya usingizi?" Akiendelea kutania, namwacha, hiyo ndiyo njia yake ya kujishika. Akinyamaza, navuta kiti.

Yule baba nilimfunga plasta nikamwambia asinyanyuke kwanza. Akaitazama kanula mkononi kwa muda. "Kwa hiyo tumeshaachana?" Nikamwambia wameachana, lakini abaki amelala dakika kumi, kwa kuwa wengine huzimia mambo yakishaisha. Kwenye faili lake nikaandika: hupauka na kupiga miayo kabla ya kuchomwa, alazwe chali kabla ya sindano yoyote.